Kilo Laki Moja na Ushee

Nyie acheni tu. Mwenzenu nauza mchele sokoni Tandale, miaka nenda miaka rudi, na daftari langu la kaunta. Daftari lilikuwa na mafuta ya taa, lilikuwa na mvua ya masika, lilikuwa na ukurasa ambao mtoto alichora gari. Lakini tulielewana. Nikiandika "M.N. 94" najua ni Mama Ntilie, elfu tisini na nne, na najua hanilipi leo.

Shida ikaja na mkopo. Yule dada wa mkopo akaniuliza, "Baba, mauzo yako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Nikamwambia mazuri tu. Akaniangalia. Nikamsukumia daftari. Akaligusa kwa kucha mbili, akalirudisha. Akasema tuonane nikiwa na rekodi zinazosomeka.

Nyumbani kuna mpwa wangu, yuko chuo. Akasema, "Anko, hamia kwenye spredishiti." Nikaitikia ndiyo. Nilidhani ni mtaa.

Kumbe ni kompyuta yenye vijumba vijumba. Akaniletea laptop yake kuukuu, chaji yake inashika ukiinyonga waya. Akaniwekea safu ya bidhaa, safu ya kilo, safu ya hela. Chini kabisa akaandika kitu hiki:

```
=SUM(C2:C7)
```

Akasema hiyo itajumlisha yenyewe, mimi kazi yangu kujaza. Kisha huyo, akaenda zake chuo. Vijana wanapenda kukuacha na mitambo.

Nikajaza. Kilo tano za mchele, kilo moja 2,600, kwa hiyo nikaandika 13,000/= vizuri kabisa, na ile alama ya mwisho kama tulivyofundishwa, maana hela bila mkia ni namba tu, siyo hela. Nikajaza zote sita. Nikatazama chini kwenye jumla.

0.

Sifuri jamani! Tangu alfajiri nimesimama, mgongo unaniuma, mteja mmoja kanionjea mchele mbichi hadi nikadhani anafungua kinywa, halafu mashine inaniambia sijauza kitu. Nikaizima, nikaiwasha. Sifuri. Nikaifuta vumbi. Sifuri.

Mpwa wangu aliporudi alicheka hadi akakaa chini. "Anko, toa huo mkia. Ukiweka /= inaona umeandika maneno. Maneno haijumlishi, inayaruka kimyakimya." Akanionyesha dalili: namba ya kweli inaegemea kulia kwenye kijumba chake, maneno yanaegemea kushoto. Zangu zote zilikuwa zimejibanza kushoto. Tukaitoa mikia, zikahamia kulia moja baada ya nyingine, na chini ikatokea 48100. Sasa kama ilijua ni maneno, si ingesema? Mbona mwanadamu ukikosea anakutukana hapo hapo?

Tukafika kwenye kilo. Pale Tandale watu wananunua walichonacho mfukoni. Nusu, robo, robo tatu. Nikaandika kama ninavyoandika siku zote: 5, 2, 1/2, 10, 1/4, 3/4. Nusu yangu nikaiona inageuka 2-Jan mbele ya macho yangu. Robo ikawa 4-Jan. Robo tatu ikawa 4-Mar. Nikasema sawa, labda ndiyo kizungu chake cha nusu. Nikabandika ile hesabu ya kujumlisha, na majibu yakaja: 137057.

Kilo laki moja thelathini na saba elfu na hamsini na saba! Tani mia moja thelathini na saba! Mimi mwenye gunia moja lililofunguliwa na jingine nililokalia. Nilitazama kushoto na kulia nisije nikaonekana na watu wa kodi.

"Anko," mpwa akaanza, kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, "ukiandika 1/2 yenyewe inadhani ni tarehe." Na laptop hii imewekwa Kimarekani, mwezi unatangulia, kwa hiyo nusu kilo ni tarehe mbili Januari. Na kwa siri, ndani kwa ndani, tarehe haihifadhi kama tarehe. Inahesabu siku tangu 1 Januari 1900! Tarehe 2 Januari 2025 kwake ni 45659. Nusu yangu ilikuwa elfu arobaini na tano mia sita hamsini na tisa, na robo ikaizidi nusu kwa mbili. Wapi umeona? Akasema niandike 0.5, 0.25 na 0.75. Nikaandika. Na hata hivyo kijumba kikang'ang'ania tarehe, maana kikishavaa tarehe hakivui hadi uingie ukakibadilishe sura kirudi kuwa namba. Mwishowe ikatoka 18.5. Kilo kumi na nane na nusu. Utajiri ukaisha.

Sasa madeni. Haya nayaeleza haraka maana bado naona aibu kupita kijiwe cha bodaboda. Mpwa alinipangia majina safu moja, hela safu ya pili. Mama Ntilie 94,000. Jirani wa Dagaa 18,000. Fundi Cherehani 6,500. Bodaboda 2,600. Mimi nikaona majina yamekaa ovyo, nikayaweka kivuli nikabonyeza ya kupanga kwa alfabeti. Ikaniuliza maswali ya Kiingereza. Nikachagua Continue with the current selection, maana nilitaka kuendelea. Nani hataki kuendelea? Majina yakajipanga safi. Hela zikabaki pale pale zilipo. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kudai.

Bodaboda nikamkuta na wenzake. Nikamwambia anadaiwa elfu tisini na nne za mchele. "Mzee, nilipika pilau ya nani? Nimeozwa bila kuambiwa?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mmoja akaanza kupiga honi.

Mama Ntilie nikamwambia elfu mbili na mia sita. Yeye hakubisha. Alilipa papo hapo, akaniongezea na chai. Niliporudi na mpwa wangu kumweleza, akasema, "Baba, si ulisema kompyuta haikosei?" Akaendelea kukuna nazi.

Mpwa anasema Ctrl+Z ingerudisha kila kitu kabla sijafunga. Baada ya kufunga, basi. Ikabidi tulitoe daftari chini ya mzani, "M.N. 94" ikatuokoa. Safari hii akapanga yeye, jedwali zima kwa pamoja, jina na hela yake.

Halafu akajifanya mkaguzi. Gunia kilo mia, kwenye spredishiti tumeuza 88.5, na gunia limeisha. Kilo 11.5 ziko wapi? Nikamwambia mchele unapukutika. Mauzo na malipo ya wiki 412,000, kwenye kopo kuna 296,000. Zilizobaki? Nikamwambia vocha, mchango wa harusi, na wewe unakula nini usiku? Akanyamaza, akaongeza mstari kwenye madeni: Anko, 145,900. Akapanga kuanzia deni kubwa. Nikawa wa kwanza, juu ya Mama Ntilie.

Nikamwambia dada wa mkopo ataona, hebu panga kwa alfabeti.

Akapanga. Anko inaanza na A.