Namna ya Kuunguza Klachi Mpya Kabla Hujafika Gasenyi

Mtu yeyote anaweza kuua klachi kwa miaka mitatu. Kuiua kwa siku tatu kunahitaji ufundi, na sisi wa Gasenyi tumejaliwa ufundi huo, tena tumejaliwa na kilima cha kuufanyia mazoezi. Machi 2022, pikipiki za abiria zilipokatazwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, motari wetu walibaki na miinuko ya pembeni: abiria wawili, gunia la mchele, na mkono wa klachi ulioshikwa nusu kuanzia chini hadi juu. Basi kwa faida ya wote wanaotaka kununua disiki mpya kila mwezi, huu hapa mwongozo. Nimeujaribu mwenyewe kwenye pikipiki yangu, na matokeo yake nayathibitisha.

Hatua ya kwanza: puuza dalili

Klachi ikianza kuisha, hupiga hodi kwa adabu. Unapanda mlima kwa gia ya tatu, unaongeza esansi, injini inalia kwa sauti ya juu, lakini mwendo haupandi. Ni kama mtu anayepiga kelele kikaoni na hakuna anayesogea. Baadaye inafika harufu ya kitu kilichoungua.

Wewe laumu esansi. Siku hizi esansi inabeba lawama zote za nchi. Ya klachi haitaizidi uzito.

Asiye na haraka ya kuharibu huanza na jambo dogo: kebo. Mkono wa klachi unatakiwa ucheze kidogo kabla haujaanza kuvuta, kiasi cha milimita 10 hadi 20 ukipimia kwenye ncha yake. Kebo ikikazwa hadi mkono usicheze kabisa, klachi inakaa imeachia kidogo saa zote, na hata disiki nzima zitateleza. Wengi wamefungua injini kwa kosa ambalo spana moja ingelimaliza kwa dakika mbili. Lakini kama kebo inacheza vizuri na pikipiki bado inateleza, ugonjwa uko ndani.

Hatua ya pili: fungua kwa nyundo

Klachi ya pikipiki zetu haikai pakavu kama ya magari mengi. Inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, upande wa kulia, nyuma ya mfuniko ulipo mguu wa kiki. Kwa hiyo kwanza oili inamwagwa yote, kama lita moja, kisha kebo inalegezwa, mguu wa kiki unatolewa, na mfuniko unafunguliwa pamoja na gasketi yake.

Ndani utakuta boliti nne zilizobana springi nne. Kwa faida ya mwongozo huu, fungua moja hadi mwisho kabla hujagusa nyingine, ili springi tatu zilizobaki zivute upande mmoja na kuvunja nguzo za aluminiamu. Mwoga huzilegeza kidogo kidogo kwa mkato, moja halafu ya mkabala wake. Wakati wa kurudisha huzikaza kwa mtindo huohuo, kwa mkono mwepesi, maana uzi wa aluminiamu haukazwi kama nati za gurudumu.

Kisha inakuja nati ya katikati, yenye mapengo manne, ambayo kwenye pikipiki nyingi za aina hii ndiyo inayoshikilia mzigo wote. Hapa ndipo fundi wangu alipong'ara. Alichukua tindo na nyundo akaipiga kwa kuzunguka mpaka ikaachia, huku vipande vya chuma vikidondokea palepale ambapo oili mpya ingemwagwa. Nilipomuuliza kama hakuna spana yake, aliniangalia kwa huruma. "Patroni," akasema, "nyundo ni spana ya kila nati."

Spana yake ipo. Ni soketi yenye meno manne, na mafundi wengi huitengeneza wenyewe kwa kusaga kipande cha bomba. Unaingiza gia ya juu, mwenzako anakanyaga breki ya nyuma ili kitu kisizunguke, na nati inatoka bila kujeruhiwa.

Hatua ya tatu: pima kwa jicho

Sasa disiki ziko mezani. Zenye vipande vya kahawia ndizo za msuguano. Zilizo tupu ni pleti za chuma. Zinapangwa kwa kupishana, msuguano halafu chuma, na pande zote mbili za mwisho huwa ni msuguano.

Fundi alizitazama zangu akasema bado zina nyama. Kweli zilikuwa na nyama. Mimi, mtu wa wasiwasi, nikaazima venia kwa jirani. Disiki mpya za pikipiki kama yangu zina unene wa karibu milimita 3, na zikifika 2.6 zimemaliza kazi. Zangu zilikuwa 2.4.

"Milimita sifuri nukta sita!" fundi akacheka. "Huo si hata unene wa ukucha."

Ni kweli, ukitazama disiki moja. Lakini mle ndani zilikuwa tano. Tano mara 0.6 ni milimita 3 kamili: kifurushi kizima kimepungua unene wa disiki nzima, kana kwamba mtu ameiba moja. Na springi zinazokibana hazisogei kukifuata bure. Kila kinavyokonda, ndivyo springi zinavyotanuka, na springi iliyotanuka inabana kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana klachi huzeeka polepole kwa muda mrefu, halafu ikaanguka ghafla kwa wiki moja. Inapoanza kuteleza inapata joto na kuisha zaidi, springi zinalegea zaidi, na mteremko unaanza, ingawa wewe unapanda.

Pleti za chuma pia ziangaliwe. Iliyogeuka rangi ya buluu imepikwa. Ilaze juu ya kioo: ikiwa fila ya milimita 0.2 inapenya chini yake, imepinda na haifai, hata uweke disiki mpya kiasi gani. Na vidole vya bakuli linalozishika vipapase kwa kucha; vikiwa na mapengo yaliyochimbwa, disiki zitakwama humo na klachi haitaachia vizuri. Mapengo madogo husawazishwa kwa tupa laini. Makubwa, badilisha bakuli.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo siri yenyewe: usiziloweke

Disiki mpya zilitoka kwenye mfuko wake zikiwa kavu kama biskuti. Nikauliza kuhusu kuziloweka. Fundi akasema, "Si zitaogelea humo humo ndani?" Akazipanga, akafunga, akamimina oili. Dakika kumi na tano. Nikampa mkono wa pongezi, nikapakia mtu na mzigo, nikageuza kichwa kuelekea kilimani.

Siku ya tatu nilishuka nikisukuma.

Niseme ukweli ingawa unauharibu mwongozo: fundi hakuwa mjinga. Amefunga disiki kavu mara nyingi na nyingi zimepona, kwa sababu oili ya injini hurukaruka na hatimaye huzifikia. Lakini yeye hufanyia kazi bondeni Buyenzi, ambako mteja akitoka anateleza kwenye tambarare, gia baada ya gia, bila kubana sana. Oili inapata nafasi ya kupenya. Mteja wa Gasenyi anaondoka moja kwa moja kwenda mlimani, na mzigo, na klachi nusu.

Nyama ya disiki ni nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, na ina matundu madogo kama ya sifongo. Matundu hayo yakijaa oili, kila disiki inapobanwa oili hutoka na kuondoka na joto. Yakiwa matupu, joto halina wa kuliondoa. Dakika za kwanza tu zinatosha kuunguza uso ukawa mgumu na wa kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Baada ya hapo oili haipenyi tena, wala disiki haishiki tena. Za kwangu zilipofunguliwa mara ya pili zilikuwa bado nene. Hazikuisha, ziling'aa.

Asiyetaka kufuata mwongozo huu hufanya hivi. Anachukua beseni safi, anamimina oili ileile itakayoingia kwenye injini, anatumbukiza disiki moja moja, asizibandike kama chapati, ili pande zote zinywe. Vipovu vidogo vitapanda: hiyo ni hewa inayotoka kwenye matundu. Nusu saa ni kiwango cha chini. Usiku mzima ni bora, na hakuna disiki iliyowahi kulewa kwa kunywa sana. Vipovu vikikoma na rangi ikikolea sawasawa, ziko tayari. Zinakung'utwa, zinafungwa, na oili ya beseni inamiminwa kwenye injini, hakuna hasara. Pleti za chuma zinapakwa tu.

Msishawishike kuloweka kwa oili iliyotumika, wala dizeli, wala mawese ya Rumonge, ambayo yana heshima yake kwenye maharagwe.

Hatua ya tano: tia oili ya gari

Kama disiki zimenusurika, bado una nafasi. Nunua oili ya kisasa ya gari, nyepesi, inayojisifu kwenye chupa kwamba inaokoa mafuta. Baadhi ya oili hizo zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Inayofaa ina alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa, kipimo walichoweka Wajapani mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki ambazo injini na klachi vinakunywa chungu kimoja.

Mara ya pili nilifanya kazi mwenyewe. Disiki zililala kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi nikafunga, nikarekebisha kebo ikacheza milimita 15, nikaacha injini iungurume kwa dakika chache huku nikivuta na kuachia klachi, kisha siku nzima nikazunguka bondeni bila abiria. Kesho yake nikapanda kwa gia ya tatu, nikaongeza esansi. Sauti na mwendo vikapanda pamoja.

Nilipomsimulia fundi, alisema nusu saa ni nyingi, wateja hawasubiri. Wakati huo sote wawili tulikuwa kwenye foleni ya esansi, tangu jana yake.