Namna ya Kuing'amua Kejeli ya Mgeni Bila Kuumbuka

Umepata ujumbe kutoka ng'ambo, umejaa sifa, na tumbo linakuambia kuna jambo. Sogea karibu nikupe njia za mkato.

1. Usiitafute sauti. Kejeli yetu tunaisikia. Mtu anayekuja saa nne kwenye kikao cha saa mbili anaambiwa "Umewaaahi!", mdomo umebinuka, na kila mtu ameelewa. Kwenye maandishi linabaki "Umewahi" tupu. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Wanafunzi walitumiana sentensi kwa barua pepe, nyingine za kejeli, nyingine za kweli. Waandishi waliamini wangeeleweka mara 78 kwa 100. Walieleweka mara 56. Kurusha shilingi kungetoa 50, na hao walikuwa watu wa nchi moja. Kwa hiyo ukishindwa kuhisi chochote, usijilaumu. Hamia kwenye hesabu.

2. Pima sifa kwa tukio. Mteja wa Uingereza aliwahi kumwandikia mwenzangu kuhusu mzigo wa vikapu: "Kasi yenu ni ya ajabu. Vikapu vya sikukuu vimefika salama, sikukuu ikiwa imeshapita." Mwenzangu aliona "kasi", akaona "ajabu", akaona "salama". Akajibu kwa furaha kwamba tunajivunia huduma yetu. Mteja hakuagiza tena. Dawa ni kufunika maneno ya sifa kwa kidole na kusoma kilichobaki: vikapu vya sikukuu, sikukuu imepita. Kama kilichobaki ni lalamiko, sifa ile ni kejeli.

Ila kila mtu ana kipimo chake. Wapo wanaoandika "ajabu kabisa!" hata ukiwatumia risiti, nao wanamaanisha. Kabla hujahukumu, fungua ujumbe wake wa zamani uone huwa anasifuje siku ya kawaida. Mtu ambaye kawaida yake ni "sawa, asante" akianza ghafla kukumiminia sifa, hapo kaa macho.

3. Angalia sifa imekaa na nani. Novemba 2012 gazeti la dhihaka la Marekani, The Onion, lilimtangaza Kim Jong-un wa Korea Kaskazini kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani mwaka ule. Tovuti ya gazeti la chama tawala cha China ikaipokea kama habari, ikaipamba kwa picha 55. Usiwacheke. Sifa za kiongozi zilizoandikwa kwa lugha nzito si jambo la ajabu kwa msomaji aliyezizoea. Lakini ufunguo ulikuwa mle mle ndani, katika orodha ya washindi waliotangulia: wa 2011 ni Bashar al-Assad, ambaye nchi yake ilikuwa vitani, na wa 2010 ni Bernie Madoff, tapeli aliyekuwa gerezani. Kwa hiyo anayesifiwa akikuachia shaka, tazama waliopangwa naye. Mara nyingi mwandishi huweka ufunguo mwishoni, pale ambapo mwenye haraka hafiki.

4. Bado huna uhakika? Jibu tukio, iache sifa. Huu ndio ujanja wenyewe, utunze. Usishukuru, usikasirike, usiweke kikatuni kinachocheka. Andika: "Mzigo ulipaswa kufika tarehe 3, umefika tarehe 24. Safari ijayo tutautuma wiki nne mapema." Kama alikuwa anakejeli, ataona umeelewa na umechukua hatua. Kama alikuwa anasifu kweli, ataona unajali kazi yako. Kwa vyovyote vile heshima yako imebaki mahali pake, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa gizani.

5. Ukishaumbuka, kiri kwa sentensi moja. "Nilikusoma neno kwa neno, sasa nimekuelewa." Kisha rudi kwenye mzigo. Anayejieleza kwa aya tatu anazidi kuchimba.

6. Ukiandika wewe, mhurumie mwenzako. Waandishi wa Kiamhari wana alama ya kejeli, temherte silaki, inayofanana na alama ya mshangao iliyopinduliwa: ¡. Sisi hatuna. Ukimwandikia mgeni "Hongera kwa kuwahi", naye atashukuru, na kesho atakuja saa nne tena. Mwandikie: "Tulianza saa mbili, tukakusubiri." Utakosa raha ya kumchoma, lakini kesho kikao kitaanza kwa wakati.