Tano na Nusu ya Nini?

Katika kazi zote ambazo mtu aweza kuzifanya jioni kwa ujira mdogo, sijui iliyo na maadui wengi kuliko kusahihisha mitihani ya hesabu. Kwani mwalimu wa insha akimnyima mwanafunzi alama, hujitetea kwa kusema kuwa watu hutofautiana katika mambo ya ladha, lakini msahihishaji wa hesabu akitia alama ya kosa mbele ya jawabu ambalo kila mwenye vidole aweza kulihakiki, huonekana ama mjinga ama dhalimu, na mjini Mombasa, ambako habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe, hukaa siku nyingi akisalimiwa nusu nusu.

Darasa lenyewe lilikuwa la jioni, la watu wazima waliotaka kujua uwekaji wa hesabu za biashara, na swali lililoleta fitina lilitungwa kutokana na mambo ambayo kila mtu alikuwa ameyaona kwa macho yake. Mwaka 2011 bei za vitu zilikuwa zikipanda Kenya nzima na shilingi ikidhoofika mbele ya dola, na Benki Kuu, kwa kutaka kuzuia hali hiyo, ikaipandisha riba yake ya msingi kwa kishindo: Oktoba ikafikia asilimia 11, na Novemba ikafikia asilimia 16.5. Mwanafunzi alitakiwa aeleze riba ilipanda kwa kiasi gani katika hatua hiyo ya Novemba, na aonyeshe njia. Kijana mmoja, mwenye hati nzuri ajabu, akatoa 11 katika 16.5, akapata 5.5, kisha akaandika, na kulipigia mistari miwili jawabu lake kama mtu anayefunga mlango kwa kitasa na komeo, kuwa riba ilipanda kwa asilimia 5.5. Nami, kwa wino mwekundu, nikatia alama ya kosa.

Siku ya pili yake, baada ya swala ya Alasiri, nikiwa nimekaa barazani na jirani zangu, nilimwona mjomba wake kijana yule akija kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuipanga hotuba yake njiani. Alikuwa muuza mbao, mtu wa heshima na wa sauti, na mkononi aliishika karatasi ya mtihani kama hati ya nyumba inayogombaniwa.

"Maalim," akaniambia hata kabla ya kuketi, "kumi na sita na nusu ukitoa kumi na moja, husalia ngapi?"

"Tano na nusu."

"Na hizo tano na nusu ni nini? Ni asilimia, au ni maembe?"

Baraza zima likacheka, nami sina budi kukiri kuwa hoja ilikuwa na nguvu yake, kwa sababu ukiondoa asilimia katika asilimia, akili ya kawaida yataraji kuwa kitakachosalia kitakuwa asilimia pia. Nikamweleza, kwa upole uliostahili umri wake, kuwa kila asilimia ina mwenyewe, na kwamba mtu asemapo kitu kimepanda kwa asilimia kadhaa bila ya kuongeza neno, husikika kuwa asilimia hizo ni za kile kitu chenyewe kama kilivyokuwa mwanzo. Basi msomaji asiyejua riba mpya, akiambiwa tu kuwa riba ya 11 imepanda kwa asilimia 5.5, atachukua asilimia 5.5 ya 11, ambayo ni sita na ushei katika sehemu kumi za moja, naye atasadiki kuwa riba imekuwa asilimia 11.6, jambo ambalo lingewafurahisha sana wakopaji wa nchi hii lau lingekuwa kweli. Jawabu lilikuwa na milango miwili ya halali: aseme riba imepanda kwa pointi 5.5 za asilimia, yaani tofauti tupu baina ya viwango viwili, au aseme imepanda kwa asilimia 50, kwa kuwa 5.5 ni nusu ya 11. Kijana alichukua tarakimu ya mlango wa kwanza akaivisha jina la mlango wa pili.

"Ati hamsini!" mjomba akapaza sauti, akawageukia mashahidi wake wa barazani. "Riba yote haifiki ishirini, Maalim ameiongeza hamsini!"

Hapo mzee mmoja, ambaye hadi wakati ule alikuwa akizungusha tasbihi yake kimya, akasema pasi na kutuangalia, "Nyinyi mwabishana imepanda kwa ngapi, na riba ni haramu tangu ilipokuwa moja." Pakapita kimya cha aibu, kwani mjomba alikuwa na mkopo benki na wote tulijua, nami nadhani ni kile kimya, zaidi ya hoja yangu yoyote, kilichomfanya aukumbuke mkopo wake na kuutaja.

Mkopo ulikuwa wa shilingi 1,000,000, wa kulipwa kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, na kabla hajalipa hata fungu la kwanza, benki ilimwandikia, kwa taadhima zote za barua za namna hiyo, kuwa kwa ajili ya hali ya soko, riba yake "itaongezeka kwa asilimia 2." Alikuwa ameipokea barua ile kwa subira, akiona kuwa asilimia mbili si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Nikaomba kalamu, nikamfanyia hesabu nyuma ya karatasi ya mpwa wake. Tuseme, kwa kurahisisha, rasilimali yote imekaa mwaka mzima bila kupunguzwa: kwa 16 riba ni shilingi 160,000; kwa 18 ni 180,000. Nyongeza ni shilingi 20,000, nayo ukiipima na zile 160,000 za awali ni asilimia kumi na mbili na nusu. Lakini lau benki ingefuata maneno yake yenyewe kama yalivyoandikwa, ikaongeza asilimia mbili ya riba iliyokuwapo, nyongeza ingekuwa shilingi 3,200 tu, na riba ingekuwa asilimia 16.32.

Nimeona watu wakibadili rai zao maishani, aghalabu kidogo kidogo na kwa haya, ila sijapata kuona rai iliyogeuka kwa kasi ile. Mjomba aliitazama karatasi, akaitazama alama nyekundu, na uso wake ukajaa nuru ya mtu aliyepata fatwa. Akatangaza kuwa mpwa wake amekosa, tena amekosa kosa kubwa, na kwamba walimu wa namna yangu wamebaki wachache. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, nimtilie sahihi mahali penye ile alama ya kosa, ili kesho aipeleke benki.

Sikumtilia sahihi, lakini nilifuatana naye, na nakiri nilikwenda kwa udadisi zaidi kuliko kwa hisani. Karani aliyetupokea, kijana mpole, alimsikiliza hadi mwisho, akautazama kwa adabu mtihani uliowekwa juu ya meza yake, kisha akaifungua barua kwenye ukurasa wa pili, ambao mjomba hakuwa amefika, na hapo palikuwa na jedwali dogo lililosema bila fumbo lolote: riba ya zamani 16, riba mpya 18. Hapo hoja yetu ikaishiwa pumzi, kwani maneno ya kienyeji ya "asilimia mbili" hayamdhuru mtu pale viwango viwili, cha kutoka na cha kufikia, vinapotajwa pamoja. Dhara huwapo pale kimoja kinapofichwa, na msomaji akaachiwa akijaze mwenyewe. Kwa insafu niongeze kuwa karani alikubali ukurasa wa kwanza umeandikwa vibaya, na kwamba wenyewe kwa wenyewe hawasemi hivyo, bali husema pointi, na pointi moja tena huigawa vipande mia ili wasichanganyikiwe.

Nilimwuliza kwa nini wanazipenda pointi, akanipa sababu iliyonipendeza: pointi huenda na kurudi kwa hatua zile zile. Riba ikitoka 11 hadi 16.5 imepanda pointi 5.5, na ikirejea imeshuka pointi 5.5, lakini kwa asilimia, iliyopanda kwa 50 hurudi mahali pake kwa kushuka thuluthi tu, na mteja asiyejua atadai amepunjwa. Tena ziko nchi ambazo riba huanzia mahali ambapo asilimia haifai kabisa: miaka kumi hivi baada ya mazungumzo yale, Septemba 2022, Benki Kuu ya Ulaya iliipandisha riba yake ya amana kutoka sifuri hadi asilimia 0.75, na mtu akitaka kujua hiyo ni nyongeza ya asilimia ngapi, itambidi agawanye kwa sifuri, kazi ambayo hata mjomba asingeikubali.

Karani, akitaka kumliwaza, akamwonyesha kuwa fungu lake la mwezi litatoka shilingi 35,157 hadi 36,152, ongezeko lisilotimia asilimia tatu. Mjomba akaruka: alikwisha kuambiwa mbili, kisha kumi na mbili na nusu, na sasa karibu tatu, na zote za mkopo mmoja! Na zote zilikuwa sahihi. Mbili ni pointi za riba. Kumi na mbili na nusu ni uzito ulioongezeka juu ya riba peke yake. Karibu tatu ni uzito ulioongezeka juu ya fungu, ambalo sehemu yake kubwa ni rasilimali inayorudishwa, na rasilimali haipandi kwa barua. Mkopo ungekuwa wa miaka thelathini, ambamo mafungu ya mwanzo huwa karibu yote ni riba, ongezeko la fungu lingeikaribia ile kumi na mbili na nusu. Miezi 36 ndiyo iliyomsitiri.

Tuliporudi, tulimkuta mpwa akitungoja mlangoni. Alikwisha kusikia habari za ile barua, naye alikuwa na swali lake: ikiwa benki yenye meneja na walinzi huandika hivyo na watu wakalipa, yeye amekoseshwa kwa sheria gani? Nikaipeleka karatasi kwa msahihishaji mkuu, mtu asiyependa makelele, naye akaamua kuwa jawabu ni kosa na litabaki kosa, lakini njia ya kutoa imeonyeshwa sawasawa na inastahili alama 2 katika zile 4 za swali. Kijana, aliyekuwa na 38 na mpaka wa kufaulu ukiwa 40, akapita.

Jioni ile ile mjomba alipita barazani akigawa haluwa, na kila aliyemwuliza matokeo yalikuwaje alimjibu kuwa, kwa neema ya Mola, alama za mpwa wake zimepanda kwa asilimia tano na robo.