Zile Mbili Umeshaingiza?

Swali la shangazi lilikuwa bora kuliko maswali mengi yanayotupwa kwenye kundi letu la ukoo. Lilikuwa na miezi, lilikuwa na namba, lilieleza alichofanya na kilichotokea baada ya kufanya. Tatizo lake lilikuwa moja tu: lilianza kwa adabu. Asalaam aleikum wapendwa, habari za jioni, poleni na majukumu, poleni na msiba wa jirani, kaka vipi mguu, watoto wamesharudi shule? Mtu aliyelelewa Tanga hawezi kuuliza habari ya umeme kabla hajauliza habari ya mguu.

Sasa, simu haina adabu hiyo. Ujumbe ukiingia, kiooni huonekana mistari miwili mitatu ya mwanzo, basi. Na ukiwa mrefu, Wasapu huukata na kuuwekea "Soma zaidi" mahali ambapo mwandishi ndiyo kwanza anakaribia kusema lililomleta. Ukoo wetu una wahasibu, wauguzi, mwalimu mstaafu na wanafunzi wa chuo kikuu. Sijapata ushahidi kwamba hata mmoja wao amewahi kubonyeza "Soma zaidi".

Chini ya pazia hilo shangazi alikuwa ameandika hivi: "Mwezi wa sita nilinunua umeme wa elfu ishirini nikauweka akiba, tokeni nimeiandika kwenye daftari, sikuiingiza. Jana nimenunua wa elfu kumi, zimekuja tokeni tatu. Ya kwanza imekubali. Ya pili imekubali. Ya tatu imekubali, uniti zilikuwa 3 zimefika 31. Sasa leo naingiza ile ya daftari, ya mwezi wa sita, mita inaikataa. Je, hela yangu imepotea?"

Ilikuwa Septemba 2024, na msomaji wa Tanzania au Kenya anakumbuka msimu huo. Mita za kulipia kabla zilikuwa zinakaribia mwisho wa hesabu yake. Ndani ya kila tokeni ya tarakimu 20 mmefichwa muda iliponunuliwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha dakika milioni 16 na laki saba na ushei. Dakika hizo zilikuwa zinamalizika tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijarekebishwa kufikia siku hiyo isingepokea tena tokeni mpya. Dawa yake ilikuwa kuipa kila mita mwanzo mpya wa kuhesabia pamoja na ufunguo mpya wa siri, na mambo hayo yalisafiri ndani ya tokeni mbili za ziada. Ndiyo maana aliyenunua umeme kwa mara ya kwanza baada ya eneo lake kufikiwa alipata tatu: mbili za kuirekebisha mita, ziingizwe kwa mpangilio wake, halafu ya tatu yenye uniti alizolipia.

Kila mtu alikuwa anajua habari hiyo. Hapo ndipo balaa ilipoanzia, kwa sababu mtu mwenye jibu mkononi hana subira ya kusikia swali.

Wa kwanza kujibu alikuwa mpwa wangu aliyeko chuoni. "Shikamoo bibi. Zile mbili za mwanzo umeshaingiza?" Shangazi akajibu kwa upole kwamba ameziingiza na zimekubali. Mama mdogo akafowadi tangazo lenye picha ya mita na mishale mitatu myekundu. Binamu wa Mombasa akaingia: "Shangazi, hata huku kwetu stima ilikuwa hivyo hivyo. Usianze na ile ya tatu, utahangaika bure. Anza na zile mbili." Baba mkubwa, mwenye mguu, akatuma ujumbe wa sauti. Alianza na mguu, akapita kwenye bei ya dawa, akafika kwenye zile mbili.

Mtoto wa shangazi mwenyewe, wa kumzaa, yuko Maskati. Huko wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo alitoka kazini akakuta mazungumzo yameshika moto. Hakupanda juu. Nani anapanda juu? Alisoma jumbe nne za mwisho, zote zikitaja zile mbili, akaandika kwa uchungu wa mwana aliye mbali: "Mama, tafadhali, ingiza zile mbili kwanza."

Shangazi akaandika kwa herufi kubwa. Sijawahi kumwona akiandika kwa herufi kubwa. "NIMEINGIZA. ZIMEKUBALI. NAULIZA ILE YA MWEZI WA SITA."

Bado palikuwa na nafasi ya kuokoka. Sentensi ile ilikuwa fupi, haina salamu, imeonekana yote. Lakini dakika ileile baba mdogo alikuwa anaandika. Baba mdogo amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na hawezi kuona watu wanazungumza ovyo bila kuwapangia mstari. Akaleta muhtasari: "Ndugu zangu, tutulie. Kwa ufupi, dada anauliza utaratibu wa kuingiza tokeni mpya za LUKU kwa sababu mita yake inakataa. Anayejua hatua aziorodheshe ili tumsaidie."

Uzito wa muhtasari huo uko kwenye kilichoachwa. Kila neno lililomo linatoka kwa shangazi: tokeni, mita, inakataa. Lililokosekana ni "ya mwezi wa sita", na bila hilo swali limegeuka swali jingine kabisa, swali ambalo shangazi hakuwa nalo na alikwishalijibu mwenyewe. Asiyesoma kabisa hana madhara makubwa. Anajibu porojo, anapita. Anayesoma nusu akalitamka swali upya kwa sauti ya utulivu, kwa "kwa ufupi", huyo ndiye wa kuogopwa, maana kuanzia hapo wote wanamjibu yeye. Na walimjibu. Hatua zikaorodheshwa. Ziliorodheshwa na watu watatu, kila mmoja akirekebisha namna ya kubonyeza ya mwenzake. Admini, kwa nia njema, akaubandika muhtasari juu ya kundi ili asiyekuwepo aanzie hapo.

Nilijaribu kuingilia. Nilishika ujumbe wa kwanza wa shangazi ili niujibu huohuo, watu wauone. Lakini Wasapu ikinukuu ujumbe mrefu huonyesha kichwa chake tu, kwa hiyo juu ya jibu langu palitokea "Asalaam aleikum wapendwa, habari za jioni", na watu wawili wakaitikia salamu. Nikafuta. Nikaandika upya: "Zile tatu zote zimeingia. Tunazungumzia tokeni ya nne, ya zamani." Dakika mbili hazikupita, binamu wa Mombasa akaniuliza mimi: "Nawe pia imekataa? Umeingiza zile mbili?"

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba shangazi alikwishawapa uthibitisho. Angekuwa hajaingiza zile mbili, au amekosea tarakimu moja, basi ile ya tatu ndiyo ingekataliwa, kwa kuwa imetengenezwa kwa ufunguo mpya na mita ingekuwa bado kwenye ule wa zamani. Ya tatu ilikubali. Uniti zilipanda kutoka 3 hadi 31, na 28 ndizo uniti ambazo elfu kumi ya mteja wa kawaida ilikuwa ikinunua. Kwa hiyo mita ilikwisha kurekebishwa na inafanya kazi vizuri. Kila aliyeuliza kuhusu zile mbili alikuwa anauliza jambo ambalo mita yenyewe ilishalijibu.

Na hapohapo ndipo palipokuwa na jibu la kweli. Tokeni ya mwezi wa sita ilifungwa kwa ufunguo wa zamani. Shangazi alipoingiza zile mbili kwa usahihi mkubwa, alibadilisha kitasa, na ufunguo uliobaki kwenye daftari ukawa wa mlango usiokuwepo tena. Angeiingiza ile ya akiba siku moja kabla, ingekubali bila maneno. Matangazo yalisema: maliza tokeni zako za zamani kwanza. Sentensi hiyo ilikuwemo hata kwenye lile tangazo la mama mdogo, chini ya mishale myekundu. Nadhani hata mama mdogo hajaifikia hadi leo.

Hiyo ina maana kwamba ushauri wa ukoo mzima, hata kama ungefuatwa mara mia, usingesaidia lolote. Mita iliyokwishapokea ufunguo mpya haina haja ya kuupokea tena, na hakuna namna ya kubonyeza itakayoifanya iikubali ile ya zamani. Shangazi hakuhitaji hatua. Alihitaji mtu wa kumwambia: tokeni hiyo imekufa, ila malipo yako yana kumbukumbu, nenda ofisini ukadai nyingine.

Aliambiwa, lakini si na sisi. Asubuhi alikwenda ofisi ya umeme na daftari, risiti na namba ya mita. Kijana wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho (shangazi anasema hata salamu aliziitikia zote) kisha akauliza swali ambalo watu wote wa kundi letu, ndani na nje ya nchi, hawakuwahi kuuliza: "Hii ulinunua lini, mama?" Akaitazama tarehe kwenye risiti, akaandika namba zake, akamwambia asubiri wahakiki. Siku chache baadaye akaletewa tokeni mpya kwa thamani ileile, na ikakubali mara ya kwanza.

Akatuandikia, safari hii bila salamu: "Ile ya mwezi wa sita nimelipwa." Kundi likafurahi kwelikweli. Hongera zilimiminika. Mwanawe wa Maskati akaandika, "Alhamdulillahi mama, si nilikwambia uanze na zile mbili." Baba mdogo akafunga mjadala kwa maandishi ambayo admini ameyabandika mahali pa yale ya kwanza: "Kwa ufupi, tatizo la dada limetatuliwa baada ya kufuata hatua."

Kama nawe una tokeni ya zamani uliyoiweka akiba kwenye daftari na mita yako ilishapewa zile mbili, usipoteze jioni yako kuuliza kwenye kundi. Chukua risiti na namba ya mita, nenda dirishani, useme tarehe uliyonunua kabla ya kusema jambo jingine lolote. Salamu fupi inatosha.