Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Meli Inayotafuta Mwanafunzi Mwenye Uzoefu

Meneja wa Mabaharia,
Kampuni ya Meli (jina mnalijua wenyewe),
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KADETI WA SITAHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu, ingawa kwa muda mrefu sasa ni mimi peke yangu ninayehusika nacho.

Kamwene. Mimi ni kijana wa Ilula, wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, mhitimu wa masomo ya ubaharia. Tangazo lenu nimelisoma kwa heshima, kisha nikaazima miwani ya mjomba nikalisoma tena, maana nilidhani macho yananichezea. Mnatafuta kadeti, yaani mtu anayekwenda melini kujifunza kazi. Halafu mnasema awe na uzoefu wa melini usiopungua miezi 12.

Miezi 12 hiyo naifahamu vizuri. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ule wa 1978 uliorekebishwa Manila mwaka 2010, unaidai kwa yeyote anayetaka cheti cha ofisa wa zamu kwenye meli ya ujazo wa tani 500 na kuendelea. Lazima uwe baharini si chini ya miezi 12 ndani ya mpango wa mafunzo unaotambuliwa, kitabu chako cha kumbukumbu kikijazwa na kusainiwa kazi moja baada ya nyingine, na walau miezi sita uwe umeshika zamu darajani chini ya jicho la nahodha au ofisa mwenye sifa. Asiyepitia mpango huo anadaiwa miezi 36. Kwa hiyo kadeti ni mtu anayekwenda kuitafuta miezi 12, na ninyi mnataka abishe hodi akiwa nayo mfukoni. Mwenye miezi hiyo na kitabu kilichojaa saini hahitaji ukadeti, ndugu Meneja. Anahitaji nauli ya kwenda kufanya mtihani.

Lakini nani mimi nibishane na wakubwa? Mmetaka uzoefu, nimewaletea. Tangu nihitimu nimekuwa utingo wa fuso la mjomba linalopeleka nyanya soko la Ilala, na ombi langu kuu ni kwamba muda wote huo utambuliwe kuwa muda wa baharini. Kitabu changu cha kumbukumbu hakina hata saini moja, basi nimekijaza mwenyewe kwa penseli, ili mkiona kuna kosa msipate tabu kufuta.

Ukurasa wa upakiaji. Matenga ya nyanya ngumu yanakaa chini, yaliyoanza kuiva juu, kamba zinakazwa, turubai linafuata. Shida huanza dalali anaposikia bei ya Ilala imepanda, akaongeza tabaka jingine juu ya yote. Hapo fuso linabadilika tabia. Kwenye kona linalala upande na kukawia kurudi. Melini mambo ni hayo hayo: uzito ukipandishwa juu, kitovu cha uzito kinapanda nao, kinakaribia ile nukta tunayoiita metasenta, na nguvu ya kuirudisha meli wima inapungua. Meli inaanza kuyumba polepole, inalala upande mmoja na kukaa pale kidogo kabla ya kukumbuka kurudi. Abiria husifu utulivu. Ofisa anayeijua kazi yake hutokwa jasho, kwa sababu meli inayorudi kwa haraka, ile inayowamwagia watu chai, mara nyingi ndiyo yenye uthabiti. Chuoni tulifundishwa kupima kwa saa: hesabu sekunde tangu meli ilale upande mmoja mpaka irudi pale pale, na muda huo ukirefuka ujue kuna kitu kimeongezeka juu, au kuna tangi lililojaa nusu na maji yanakimbia huku na huko ndani yake. Mjomba hapimi kwa saa. Anapima kwa makalio, na sijawahi kuona amekosea.

Ukurasa wa zamu. Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini inataka uangalizi wa macho na masikio wakati wote. Nileteeni ofisa yeyote aliyevuka Mikumi usiku akiwa kwenye kiti cha utingo, halafu mniambie kama kuna uangalizi unaomzidi. Kanuni ya 15 inasema vyombo viwili vya injini vikikatizana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Twiga akitokea kulia, tunampisha. Akitokea kushoto tunampisha pia, kwa kuwa faini ya twiga inalipwa na mjomba. Kwa Kanuni ya 14 nitahitaji msaada wenu. Vyombo vikikutana uso kwa uso baharini, kila kimoja hugeukia kulia, vikapishana kushoto kwa kushoto. Mlima Kitonga umenilea kinyume: semi likipanda nasi tukishuka, kila mmoja hubana kushoto kwake na kumkabidhi Mungu yaliyobaki. Nipeni zamu mbili tatu mkono uzoee.

Ukurasa wa macho. Najua mnaogopa asiyetofautisha rangi, na mna haki, kwani meli usiku huonyesha taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, na anayezichanganya hajui chombo kile kinamwonyesha ubavu upi. Mimi nimechambua nyanya tangu shule ya msingi. Ilula nzima inaishi kwa kutofautisha nyekundu na kijani, tena alfajiri, kwa tochi ya simu. Leteni kitabu chenu cha vidoto vya rangi.

Ukurasa wa nanga bado uko wazi. Tuna jiwe la kuwekea tairi tunaposimama mlimani, na mimi ndiye ninayelishusha na kulipandisha. Linashika vizuri. Sijui mtalipa alama ngapi.

Najua mnacheka. Chekeni tu. Nchi hii ilizamiwa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ikazamiwa na Spice Islander Septemba 2011, ikazamiwa na MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018. Tumezika watu mpaka tumezoea kuona majeneza yamepangwa uwanjani, na kila msiba umetuachia maneno yale yale ya mzigo, abiria kupita kiasi, uthabiti wa chombo. Uthabiti! Kuna vijana wanaoweza kuikokotoa hesabu hiyo, wazazi wameuza mashamba ili waisomee, na leo wanaikokotoa juu ya matenga ya nyanya na kwenye vijiwe vya bodaboda kwa sababu hakuna mwenye meli aliyewapa kitanda. Mtu huhitaji roho gani kumwambia mtoto wa mkulima, usoni, tena akitabasamu, kwamba arudi akishapata uzoefu?

Samahani, ndugu Meneja. Nimepaza sauti ofisini kwa watu.

Nawaelewa pia. Mhudumu wenu wa kaunta aliniambia meli zimejaa, na hilo si la kupuuza. Meli ya mizigo haiongezi mtu kama daladala. Vyumba vinahesabika, na idadi ya watu haiwezi kuzidi nafasi zilizothibitishwa kwenye vyombo vya kuokolea. Kwa hiyo ninachoomba ni kitanda kimoja, sahani moja, na kiti kimoja kwenye boti ambalo sote tunaomba lisije likashushwa. Mkisema hata hicho hakuna, nitaamini. Ila msiseme hakuna halafu mkatangaza nafasi.

Maombi madogo yaliyobaki hayatawachosha. Naomba muwaandikie waliotunga sheria za vyeti wasimamishe saa hadi nipate meli: cheti cha afya huishi miaka miwili, mafunzo ya usalama yanataka kuhuishwa kila baada ya miaka mitano, na cha kwangu cha afya kimekufa nikiwa hapa hapa Ilula, mzima wa afya. Naomba pia ile nakala ya saba ya vyeti vyangu mliyoidai mnirudishie, mama apate karatasi ya kufungia karanga. Na kama itawapendeza, naomba nisajiliwe kama meli badala ya mtu. Mwaka 2018 Rais Magufuli alisimamisha usajili wa meli za kigeni baada ya baadhi ya zilizopeperusha bendera yetu kukamatwa ng'ambo na dawa za kulevya na silaha, na zaidi ya 400 zikatakiwa kuchunguzwa. Meli mia nne za watu tusiowajua zilipata bendera ya Tanzania. Hakuna aliyeziambia zirudi zikishapata uzoefu.

Limebaki lile la yule bwana aliyenipigia simu siku chache baada ya kuacha barua yangu kwenu. Hakusema anatoka wapi, ila jina langu la kati alilijua, na jina la kati nililiandika mahali pamoja tu. Akaniambia nafasi ipo, tena meli inakaribia kuondoka, kuna "gharama ya kuandaa kitanda" tu, na ilipwe kwa dola. Nikamuuliza risiti, akakata simu. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2019, unakataza baharia kutozwa fedha ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharimia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi ya kusafiria, basi. Kijana yeyote anayesoma barua hii akiombwa zaidi ya hivyo, ajue hakuna meli upande wa pili wa simu, au ipo na si ya kupanda.

Ninyi sijawatuhumu kitu. Ninawauliza tu jina langu la kati lilifikaje huko.

Mkiniita, nitakifuta kitabu nije nacho kitupu, penseli nitaiacha nyumbani. Mkinikataa, niandikieni kwamba mmenikataa, kwa maandishi, maana sijawahi kuipata hata hiyo "hapana". Na mkipiga simu, pigeni kabla hatujaanza kushuka Kitonga. Mjomba hataki utingo ashike simu akiwa zamu.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Kadeti wa Fuso,
Ilula, Iringa.