Namna ya Kujaza Shajara ya Mazoezi ya Kufundisha Bila Kujifunza Kitu

Andika saa uliyoingia darasani, mada, na idadi ya waliohudhuria. Ongeza kwamba ulianza kwa maswali ya utangulizi, ukafundisha, ukatoa zoezi, ukasahihisha. Malizia na sentensi inayopendwa kuliko zote vyuoni: “Somo limeeleweka kwa asilimia 80.” Usijiulize asilimia hiyo ilipimwaje. Kesho nakili vilevile, badili tarehe. Ukipitwa na wiki nzima, subiri usiku wa kuamkia ujio wa msimamizi, uijaze yote kwa kalamu moja.

Shajara ya namna hiyo hukamilika, na mwanachuo hurudi chuoni akifundisha kama alivyoondoka. Hilo linaniuma, kwa sababu darasani alikaa na watoto halisi na makosa yao yalikuwa mbele yake. Tuchukue basi somo moja la Hisabati, Darasa la Tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.

Mwanachuo amefundisha dakika 40. Ametafuta KDS ubaoni, amefanya mifano miwili, ameuliza “Tumeelewa?” na darasa zima limeitika “Ndiyooo!” Kisha akatoa zoezi la 1/2 + 1/3, na madaftari mengi yakarudi na jibu 2/5. Shajara ya kusimulia ingesema: “Baadhi ya wanafunzi walikosea, nikawaelekeza tena.” Hapo ndipo penye mali yote, na sentensi hiyo imepita juu yake bila kuinama.

Graham Gibbs, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, mwaka 1988 alipanga tafakuri katika hatua sita: kilichotokea, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango. Vyuo vingi huzitumia. Wanachuo wengi huzijaza zote kwa uzito sawa, aya moja kila hatua, hata uchambuzi unakuwa mfupi kama salamu. Mimi ningeipa ya kwanza sentensi tatu tu, kisha ningekaa kwenye uchambuzi. Na katika somo zima ningechagua tukio moja, lile lililonishangaza.

Mwanachuo wetu akikaa na lile 2/5, ataona kwamba mtoto hakubahatisha. Amejumlisha kiasi kwa kiasi, 1 na 1, na asili kwa asili, 2 na 3. Kwake 1/2 ni namba mbili zilizotenganishwa na mstari; bado haijawa kipande cha kitu. Ndiyo maana hakushtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo. Amejumlisha, na jibu limepungua! Sasa swali linamgeukia mwalimu: mifano yangu miwili ilionyesha nini zaidi ya hatua za KDS? Hakukuwa na mchoro wala karatasi iliyokunjwa. Na ile “Ndiyooo” niliipokea kwa nini? Hapa hisia zina kazi. “Nilijisikia vibaya” haifundishi kitu. “Niliogopa muda kuisha, nikawauliza swali ambalo jibu lake nalijua” inaeleza kwa nini kosa halikuonekana mpaka madaftari yaliporudi.

Mpango nao usiwe “nitajitahidi zaidi.” Uwe kitendo kinachoweza kushindwa. Kwa mfano: “Kesho, dakika kumi za mwanzo, kila mmoja atakunja ukanda wa karatasi vipande sita vilivyo sawa. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla 5/6. Kisha nitaandika 1/2 + 1/4, na kabla ya kukokotoa kila mtu ataandika kama jibu litazidi nusu au la. Atakayepata 2/6 baada ya hapo, karatasi haijamsaidia.”

Wengi huniuliza kama msimamizi hatawapunguzia alama akisoma kosa lao. Msimamizi anayejua kazi yake huona haraka kurasa ambazo kila somo limefanikiwa, na hizo ndizo zinazomtia shaka. Majina ya watoto yasiandikwe. “Mwanafunzi wa safu ya nyuma” inatosha. Na maneno ya mtoto yaandikwe siku hiyohiyo, hata kama uchambuzi utasubiri jioni, maana kufikia Ijumaa utakumbuka tu kwamba alikosea, siyo alivyosema.

Ingizo la siku ya pili huanza na matokeo ya mpango, siyo na saa ya kuingia. Tuseme wengi waliandika kwamba jibu litazidi nusu, wakapata 3/4. Wachache waliandika vivyo hivyo, kisha wakakokotoa 2/6 bila kuona kwamba majibu yao mawili yanapingana. Basi kwao karatasi na hesabu bado ni vitu viwili. Swali la ukurasa huo ni hili: ni wapi katika somo langu nilipoiweka karatasi pembeni na kurudi ubaoni, na je, niliwaonyesha kwamba 5/6 ya ubaoni ndiyo ile waliyoishika mkononi?