Dole Gumba Halina Kilo

Nina mnunuzi mmoja wa Mombasa, jina namstiri, ambaye huniandikia "Assalaam alaykum" kwenye WhatsApp kisha akanyamaza. Naitikia. Kimya. Baadaye: "Habari za huko?" Njema. "Watoto je?" Hawajambo, alhamdulillahi. Muda huo kreti zangu za kamba kutoka Kudha zishateremshwa Kisimayu, kamba wakubwa wa mwambani, wazima, wamefunikwa magunia yaliyoroweshwa maji. Kamba nje ya maji hangojei mtu amalize kuulizia watoto. Akifa, bei nayo inakufa.

Salamu sizikatai, nimelelewa. Lakini salamu na haja vyaweza kupanda chombo kimoja. Enzi za barua pepe palikuwa na kisanduku cha mada, na hata mzembe alikumbushwa kusema anataka nini kabla hajatuma. WhatsApp haina kisanduku hicho, watu wakadhani na mada yenyewe imeondolewa.

Halafu zile sauti! Kijana wa kampuni, cheo chake kirefu kuliko jahazi, ananitumia sauti ya dakika nne. Jogoo anawika, mtu anadai chenji, na bei imetajwa katikati ya jogoo na chenji. Siku ya hesabu nikitaka kuirejea naitafutia wapi? Ukiandika "dola" kwenye kisanduku cha kutafutia, kinakuletea meseji zilizoandikwa. Anayeona uvivu kuandika na aseme, lakini akimaliza aongeze mstari mmoja wa maandishi wenye kilo, bei na siku. Karani wake na dereva wangu watasoma huo, hawatasikiliza jogoo.

Ila kinachonipandisha presha ni dole gumba. Nimetuma picha ya mzigo na bei, mtu ananirudishia dole. Amenunua? Ameona? Amefurahia rangi ya kamba?

Msidhani nakuza mambo. Huko Saskatchewan, Kanada, Machi 2021 kampuni ya nafaka ilimtumia mkulima kwa simu picha ya mkataba wa tani zipatazo 87 za mbegu za kitani, ikamwomba athibitishe. Akajibu kwa dole gumba. Wakati wa kukabidhi ulipofika bei ilikuwa imepanda, na mzigo haukuonekana. Mkulima akasema dole lake lilikuwa na maana kwamba mkataba ameupata, basi. Mwaka 2023 jaji akatazama meseji zao za nyuma, akakuta wawili hao walizoea kufunga biashara kwa maneno mafupi ya kukubali, akaamua dole hilo ni saini. Mkulima akatakiwa alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na rufaa yake ikakataliwa Desemba 2024. Hiyo ni sheria ya kwao, mimi sina jaji wa kumpelekea dole. Ndiyo maana sitaki kulipokea.

Siku hizi nikiwa na mzigo naandika hivi, kwa pumzi moja:

"Assalaam alaykum, Bwana. Kamba hai wa Kudha, kilo 60, hakuna aliye chini ya nusu kilo. Dola 14 kwa kilo, kukabidhiana Kisimayu. Bei ni mpaka leo saa 10 jioni. Ukikubali, niandikie kilo na bei."

"Jioni" nimeiweka kwa makusudi, isidhaniwe saa 10 ya usiku. Mnunuzi wa Dubai yuko mbele yetu saa moja na saa zake hazihesabiwi kama zetu. Yeye namwandikia 16:00 saa za Kisimayu. Na kwamba kila mnunuzi arudie kilo na bei kwa mkono wake, hilo silisamehe. Meseji ya WhatsApp inaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, na kufutwa kwa wote hata siku mbili baadaye. Alama ya kuhaririwa itabaki, ndiyo, lakini haitakuambia jana paliandikwa 14 au 12. Akiwa ameandika na yeye, namba iko pande mbili.

Vijana wananicheka, eti naandika kama karani wa forodha wa zamani. Kisha haohao hunijia na simu mkononi, "Ami, hebu tusaidie, huyu tulimwambia bei gani?" Tunapekua stika za paka mpaka adhana ya alasiri.

Juzi nikautuma ujumbe wangu huo, kila kitu mahali pake. Tiki za buluu zikawaka. Likaja dole gumba. Nikauliza kwa heshima zote: "Bwana, dole hili ni la kilo ngapi?"

Akanijibu kwa dole la pili.